Usaili wa kazi ya maji: mradi wa kisima cha sola kwenye CV nitaueleza vipi wakianza kuchimba?

#1 Kipima Kina

Wakuu, habari za jioni.

Nimeitwa usaili wa nafasi ya fundi sanifu wa maji kwenye shirika moja. Barua ya wito inasema mtahiniwa aje tayari kueleza kwa kina mradi mmoja uliomo kwenye CV yake: kwa nini alichagua usanifu huo, na leo angebadilisha nini. Mradi ninaotaka kuusimamia ni kisima cha sola cha kitongoji. Data ni hizi:

Watu 380, makadirio ya baada ya miaka 10 ni 480. Kisima kina mita 80, maji yakitulia yako mita 28, yakisukumwa lita 3,000 kwa saa yanashuka hadi mita 41. Pampu imezamishwa mita 55. Bomba hadi tangi ni mita 350, HDPE ya milimita 50. Eneo la tangi liko juu ya kisima kwa mita 6, na mdomo wa kuingizia maji uko mita 9 juu ya ardhi. Matangi mawili ya lita 10,000. Paneli 4 za wati 330, zimeunganishwa mfululizo. Lengo lita 12,000 kwa siku.

Ugumu uko hapa: mita ya maji inasoma wastani wa lita 9,000 tu kwa siku mwezi Julai. Nikiulizwa "mfumo wako unatoa kilichokusudiwa?" nijibu nini? Na kwa ujumla nianzie wapi, nimalizie wapi?

#2 Mzee wa Hedi

Umeweka data vizuri, kwa hiyo nitakujibu kama ningekuwa upande wa pili wa meza.

Wengi wakiambiwa "eleza mradi" wanaanza na paneli, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye picha. Msaili anayejua kazi anakukata hapo hapo. Anzia kwa mtumiaji wa maji. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Watu 480 mara 25 ni lita 12,000, na vituo ni viwili. Sasa namba 12,000 ina baba na mama, haijadondoka kutoka juu.

Kisha hedi, yaani jumla ya mita ambazo pampu inayapandisha maji. Ijenge mbele yao kwa mdomo: 41 za maji yakiwa yanasukumwa, jumlisha 6 za mwinuko, jumlisha 9 za mdomo wa tangi, jumlisha msuguano wa bomba. Kwa lita 3,000 kwa saa kwenye bomba lako la 50, urefu wa mita 350, msuguano ni kama mita 3, weka 4 pamoja na viungo na vali. Jumla mita 60.

Baada ya hapo nishati: mita za ujazo 12 × hedi 60 × 0.002725 = 1.96. Hizo ni kilowati-saa ambazo maji yenyewe yanazihitaji. Pampu na mota yake kwa pamoja tuseme ufanisi asilimia 45, kwa hiyo paneli zitoe 4.4 kwa siku. Jua la saa 4.5 kamili kwenye mwezi mgumu linakupa karibu wati 970, na ukigawanya kwa 0.8 kwa ajili ya joto na vumbi unafika 1,210. Paneli 4 za 330 ni 1,320. Umefika kwenye paneli ukiwa umeshikwa mkono na hesabu, na hakuna atakayekuuliza "kwa nini 4" kwa kukutega.

Zoea kuisema hiyo kwa dakika tatu bila karatasi, huku unachora mstari wa kisima na tangi. Wakikupa kalamu, chora.

#3 Dogo wa Makambako

Nimeweka kambi hapa 😀

Ila Mzee, swali la "kwa nini 4" linaweza kuja kwa njia nyingine: kwa nini si 5, ili upate akiba? Ndipo wanapowanasa watu.

#4 Mzee wa Hedi

#3 umegusa penyewe. Kipima Kina, kontrola yako inaruhusu volti ngapi za kuingia?

#5 Kipima Kina

Mwisho 200. Paneli moja ikiwa haina mzigo ni volti 46.

#6 Mzee wa Hedi

Basi jibu lako ndilo hilo. Nne ni 184, tano ni 230, kontrola inaungua siku ya kwanza. Na usiishie kwenye 184. Namba ya nyuma ya paneli imepimwa kwenye nyuzi 25. Seli ikipoa volti zinapanda, kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya nyuzi 5, ambayo Makete au Njombe si jambo la ajabu, tofauti ni nyuzi 20, ongezeko ni asilimia 6, unafika 195. Uko ndani ya 200, ila umebakiwa na volti 5 tu. Ukilisema hilo mwenyewe kabla hujaulizwa, umeonyesha kwamba unaujua ukingo wa usanifu wako ulipo.

#7 Mama Salome

Samahani jamani, mimi nauliza kuhusu CV yenyewe. Iwe kurasa ngapi, na picha iwekwe au isiwekwe? Mwanangu kamaliza chuo mwaka huu.

#8 Dogo wa Makambako

Mama hapa tuko mita 55 chini ya ardhi, umeingia kisima kisicho chako 😂

#9 Mama Salome

Haya baba, nimeona. Ila mkipanda juu mnijibu.

#10 Jua Kali Kweli

Lita 9,000 badala ya 12,000? Hiyo ni vumbi, hakuna kingine. Julai kiangazi, barabara ya vumbi, paneli hazioshwi. Mwambie msaili "ningeweka ratiba ya kuosha paneli", umemaliza.

Halafu paneli zinatakiwa ziangalie kusini na mlalo uwe sawa na latitudo. Kama uko latitudo 6, mlalo ni nyuzi 6.

#11 Bi Mkadiriaji

Jua Kali, la vumbi umesema nusu. Vumbi linapunguza kweli, ila robo nzima ya maji ipotee kwa vumbi peke yake inahitaji paneli ziwe kama zimefunikwa na turubai jepesi. Na linapimika kwa urahisi: saa sita mchana, jua halina wingu, soma mita ya maji kwa dakika kumi, osha paneli, zikauke na zirudi kwenye joto la mwanzo, soma tena dakika kumi. Kama tofauti ni ndogo, mtuhumiwa huyo mwachie.

La kusini usimpelekee mtu kwenye usaili, atarudi mikono mitupu. Huo ni ushauri wa walio kaskazini ya ikweta mbali kule. Tanzania paneli zinaangalia kaskazini. Mwezi wa sita na wa saba, ambao ndio anaoulalamikia, jua liko kaskazini. Kwenye latitudo 6 kusini, adhuhuri ya Juni linaegemea karibu nyuzi 29 kutoka utosini. Ukizielekeza kusini unazinyima jua kipindi hicho hasa.

Na mlalo wa nyuzi 6 kwenye karatasi ni sahihi, kwenye paa si sahihi. Chini ya nyuzi 10 mvua haifui paneli vizuri, tope linabaki kwenye ukingo wa chini wa fremu na linaziba safu ya seli za mwisho. Weka 10 hadi 15.

#12 Jua Kali Kweli

Sawa dada, kaskazini nakubali, nilichanganya. Ila vumbi bado nalishuku.

#13 Mwana wa Kitui

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu kwenye miamba migumu tatizo huwa ni kisima chenyewe. Maji yanashuka kiangazi. Kisima kikipimwa Aprili mvua ikinyesha, usawa wa 41 ni wa Aprili. Uliza: jaribio la kusukuma maji lilifanywa mwezi gani, na lilidumu saa ngapi?

#14 Kipima Kina

Mei. Saa 24.

#15 Mwana wa Kitui

Basi mimi nasimama hapo. Mei baada ya masika maji ya chini yako juu. Tuseme Julai usawa wakati pampu inafanya kazi umefika mita 50. Hedi imetoka 60 ikawa 69, hiyo ni asilimia 15 zaidi. Kwa nishati ile ile, lita 12,000 zinakuwa kama 10,400. Na kama pampu ni ya mapangaboi, mambo ni mabaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu asubuhi na jioni mzunguko ni mdogo na maji hayafiki juu kabisa. Mota inazunguka, tangini hakuna kitu. Ukijumlisha saa hizo zilizopotea unaifikia 9,000 bila vumbi hata chembe.

#16 Mzee wa Hedi

Hoja nzuri. Kipima Kina, ni pampu ya mapangaboi au ya skrubu?

#17 Kipima Kina

Mapangaboi.

#18 Mzee wa Hedi

Jiandae na swali "kwa nini si skrubu?" Hilo litakuja, niamini.

Ya skrubu, rota inazunguka ndani ya mpira, kila mzunguko unasukuma kiasi kile kile cha maji. Hata jua la saa mbili asubuhi inatoa, kidogo lakini inatoa. Hedi ikipanda haishtuki sana. Kwa hedi kubwa na maji kidogo ndiyo yake. Ubaya wake ni mpira: mchanga unaukwaruza, na kila mwaka unaochakaa maji yanapungua polepole bila mtu kujua. Ikikaa muda mrefu bila kuendeshwa inaweza pia kushika, ikagoma kuanza. Ya mapangaboi inavumilia zaidi na mafundi wengi wanaijua.

Kwa mita 60 na lita 3,000 kwa saa uko mpakani kabisa, zote mbili zinaingia. Kwa hiyo sababu yako lazima iwe ya pale kijijini: kisima kilitoa mchanga kiasi gani kwenye jaribio, na vipuri vinapatikana wapi. Ukisema "ndiyo iliyokuwepo dukani", sema hivyo hivyo, halafu ueleze gharama yake, yaani saa za asubuhi zinazopotea. Hapo hakuna aibu. Aibu ni kubuni sababu ya kisayansi halafu uulizwe swali la pili.

#19 Bi Mkadiriaji

Mmekimbilia pampu na kisima, nadhani mmeruka kitu kilicho wazi kwenye post #1. Watu wa sasa ni 380. Mara 25 ni lita 9,500. Mita inasoma 9,000. Hamuoni?

Tangi likijaa, boya linakata, pampu inasimama. Mita haisomi uwezo wa mfumo, inasoma matumizi ya watu! Lita 12,000 ni za watu 480 ambao hawajazaliwa wote. Inawezekana kabisa mfumo mzima ni mzima.

#20 Dogo wa Makambako

Duh! Bi Mkadiriaji umeufunga uzi 😂😂

#21 Mwana wa Kitui

Haujafungwa. Kama ndivyo, tangi lingekuwa limejaa kila jioni. Kipima Kina, jioni tangi likoje?

#22 Kipima Kina

Mlinzi wa kisima anasema siku nyingine kufikia saa kumi na mbili jioni bomba zinatoa hewa.

#23 Mwana wa Kitui

Mnaona sasa. Tangi tupu haliwezi kuwa limezuia pampu.

#24 Bi Mkadiriaji

Linaweza, kama boya limekwama juu. Au kama bomba la kutoka limewekwa juu ya sakafu ya tangi, robo ya chini haitoki kamwe. Au valvu kati ya matangi mawili imefungwa na wanatumia moja. "Siku nyingine" si kila siku. Mita yenyewe imefungwa wapi, kisimani au kwenye bomba la kutoka tangini?

#25 Kipima Kina

Kisimani, baada ya vali ya kuzuia maji kurudi.

#26 Bi Mkadiriaji

Basi upande wa tangi hauna mita, na mita 350 za bomba ziko katikati. Kuvuja nako kumo kwenye orodha. Pampu ikisimama usiku, fungua kifuniko cha tangi ujue kina, funga valvu ya kutokea, rudi alfajiri upime. Kisha bomba la kupandishia maji: soma geji kisimani pampu ikiwa imesimama. Tangi liko juu, geji inatakiwa ibaki karibu na baa 1.5, maana 6 na 9 ni mita 15. Ikishuka yenyewe polepole, maji yanapotea chini ya ardhi au vali inarudisha.

#27 Mzee wa Hedi

Hapo #26 kuna sharti: baa 1.5 inabaki tu kama bomba linaingia na maji yake yamesimama hadi mdomoni, na geji iko upande wa tangi wa ile vali. Geji ikiwa upande wa kisima inasoma safu ya maji ya ndani ya kisima, itakupoteza. Mengine naafiki.

#28 Koleo na Bisibisi

Na kebo je? Mita 55 chini, kumi juu, jumla 65. Kama ampea ni 8.7 na waya ni wa 2.5, kwenda na kurudi mita 130, unapoteza karibu volti 8. Waya wa 4 ungepoteza volti 5. Ningesema kwenye usaili: "ningebadilisha kebo".

#29 Mzee wa Hedi

Koleo, hesabu ni safi ila umeipeleka mahali pasipo pake. Kontrola iko juu, kinachoshuka kisimani ni waya tatu za mota, si chanya na hasi. Hapo hutumii mara mbili ya urefu, unatumia mara 1.73, na ampea ni za mota, si za paneli. Akitaja "kwenda na kurudi" mbele ya mhandisi wa umeme, ataulizwa mota ina waya ngapi, na mazungumzo yote yatahamia huko.

#30 Koleo na Bisibisi

Kweli, nilihesabu kama pampu ya kizamani ya brashi. Lakini unene wa kebo bado auandike, maana wataulizia.

#31 Dogo wa Makambako

Turudi kwenye usaili kidogo. Swali la "ungebadilisha nini" watu wanajibu "ningeongeza paneli". Kwa kontrola hii hawezi, tumeshaona. Sasa ajibu nini?

#32 Bi Mkadiriaji

Mimi ningechukua kitu kimoja tu nikakishika mpaka mwisho: mnara wa tangi.

Mdomo uko mita 9 juu ya ardhi, yaani mnara wa mita 6 na tangi la kama mita 3. Lakini eneo lenyewe tayari liko mita 6 juu ya kisima. Sakafu ya tangi iko mita 12 juu ya usawa wa kisima. Kama vituo viwili vya kuchotea viko karibu na kisima au chini yake, huhitaji mita 12 kujaza ndoo. Ukishusha mnara kutoka 6 hadi 3, hedi inakuwa 57, umeokoa asilimia 5 ya nishati kila siku bila kugusa paneli. Na chuma cha mnara kinapungua, maana matangi mawili yakijaa ni tani 20 za maji zimesimama juu ya miguu hiyo, na kila mita unayoipandisha inataka vyuma vya kukaza zaidi dhidi ya upepo.

Linganisha na bomba: angefunga la milimita 40 kuokoa pesa, msuguano ungetoka 3 ukawa kama 8. La 32 ungefika 25! Hapo bomba la 50 alichagua vizuri na alitetee kwa namba hizo. Nusu ya jibu zuri la "ungebadilisha nini" ni kusema nini usingebadilisha na kwa nini.

#33 Mwana wa Kitui

Mnara sikubali haraka. Kijiji kikikua watataka kuunganisha majumbani, na nyumba ziko wapi? Zikiwa upande wa mlima utajuta hizo mita 3. Kupandisha mnara baadaye ni kujenga upya.

#34 Bi Mkadiriaji

Ndiyo maana nikasema "kama vituo viko karibu au chini". Achukue mwinuko wa nyumba ya juu kabisa kabla ya kulisema. Bila namba hiyo asiuguse mnara.

#35 Jua Kali Kweli

Mbona hakuna aliyezungumzia betri? Maji yanaisha jioni, weka betri pampu isukume usiku.

#36 Mzee wa Hedi

Swali hilo wasaili wanalipenda, kwa hiyo asante kwa kulileta. Siku moja ya kazi ni kilowati-saa 4.4. Betri za asidi hutaki kuzishusha chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 8.8. Betri moja ya volti 12, ampea-saa 200, ni 2.4. Unanunua nne, na baada ya miaka michache unanunua tena nne. Matangi yenye lita 12,000 ndani yanahifadhi kazi ile ile ikiwa imeshafanyika, na hayaibwi usiku kwa bodaboda.

Na zaidi ya bei, kisima chenyewe. Ukisukuma mchana na usiku unakinyima muda wa kupumua. Kama usawa umeshuka hadi 50 kama anavyodai Mwana wa Kitui, betri zitaongeza tatizo.

#37 Asiyependa Usaili

Mnamlisha mtu hesabu nyingi. Kwenye usaili wa mdomo una dakika chache. Ushauri wangu: hiyo 9,000 asiitaje kabisa. Nani atakwenda kijijini kusoma mita? Aseme lita 12,000 kama usanifu unavyosema, apite.

#38 Mzee wa Hedi

Na wakiuliza "mlipimaje baada ya makabidhiano?" Hilo ni swali la kawaida kabisa kwa watu wa maji. Atasema hawakupima? Hilo ni baya kuliko 9,000.

#39 Asiyependa Usaili

Aseme makabidhiano yalifanyika na jamii ikaridhika.

#40 Bi Mkadiriaji

Jamii kuridhika si kipimo, kaka. Kuna njia ya katikati: aitaje 9,000 pamoja na 9,500. "Mfumo ulisanifiwa kwa lita 12,000 za mwaka wa kumi. Mahitaji ya sasa ni 9,500. Mita ya kisimani inasoma 9,000 mwezi Julai. Sijatenganisha bado kama ni matumizi, usawa wa maji, au kupotea njiani, na ningetenganisha hivi." Halafu ataje vipimo viwili, si saba. Sentensi tano, zote za kweli, na zinamfanya msaili aulize unachokijua.

#41 Asiyependa Usaili

"Sijatenganisha bado" mbele ya paneli ya watu watano? Wengine wataandika sifuri.

#42 Mwana wa Kitui

Inategemea ni nani amekaa mezani. Afisa utumishi ataandika sifuri, mtu wa maji ataandika tiki. Hilo siwezi kumwamulia.

#43 Koleo na Bisibisi

Kitu kingine: kitenzi kwenye CV. Kipima Kina, umeandika "nilisanifu" au "nilishiriki kufunga"? Maana ukiandika "nilisanifu", saini ya kwenye michoro ni ya nani?

#44 Kipima Kina

Nimeandika "nilisanifu na kusimamia ufungaji". Hesabu ya hedi na bomba niliifanya mimi, mhandisi akaipitia na kusaini. Pampu na kontrola vilichaguliwa na msambazaji.

#45 Koleo na Bisibisi

Rekebisha kabla hujaenda: "nilikokotoa hedi na kipenyo cha bomba, nilisimamia ufungaji". Pampu useme wazi alichagua msambazaji kwa hedi uliyompa. Ukidai pampu ni yako, maswali ya #18 yote yanakuhusu, na jibu la kweli hulina.

#46 Dogo wa Makambako

Na kama shirika lina miradi ukanda wa Arusha, Manyara au Singida wataulizia floridi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Cheti cha maabara unacho?

#47 Kipima Kina

Kipo, 0.8.

Wakuu, nashukuru sana wote. Kesho nampigia mlinzi wa kisima aangalie boya na valvu kati ya matangi, na ajue kama usiku pampu ikisimama geji inashuka. Usawa wa maji kisimani sina kifaa cha kupimia, nitaazima. Bado sijaamua la kuitaja au kutoitaja 9,000.

Mama Salome: kurasa mbili, picha si lazima.

#48 Mama Salome

Asante mwanangu, Mungu akutangulie.

#49 Mchimba wa Kibaigwa

Habari wakuu, nimeona mnazungumzia visima. Kuchimba mita 80 kwa sasa bei gani?

#50 Dogo wa Makambako

😂😂😂

#51 Mzee wa Hedi

Mchimba, fungua uzi wako, na utaje kipenyo na aina ya mwamba, la sivyo utapewa bei ya uongo.

Kipima Kina, kabla sijalala: hakuna mahali ulipotaja sensa ya kuzuia pampu isizunguke bila maji. Pampu iko mita 55 na sisi tunahisi usawa unaweza kuwa 50. Zimebaki mita 5. Kama sensa ipo, jua imefungwa kina gani na inasubiri dakika ngapi kabla ya kuruhusu pampu iwake tena, kwa sababu ikikata na kuwasha kila mara mchana, hiyo nayo inakula lita zako na kontrola nyingine zinahifadhi rekodi yake. Mwambie mlinzi asome kioo cha kontrola saa saba na saa tisa mchana, taa ya kisima kikavu ikiwaka aandike.

#52 Mwana wa Kitui

Mzee, nilikuwa naandika hilo hilo. Ikiwaka, nawadai soda nyote mliosema tangi.

#53 Bi Mkadiriaji

Isipowaka, tunakudai sisi. Kipima Kina rudi na majibu ya valvu kwanza.